Kisichoonekana Rafuni Kimeuzwa

Chukua duka la vyombo mjini Mbeya linalofuata mzigo Kariakoo. Sufuria ikitoka, muuzaji anaandika mauzo tu; hakuna anayeandika ilinunuliwa kwa bei gani. Mwaka mzima, akaunti ya mali inabaki kama ilivyokuwa Januari. Gharama ya vilivyouzwa haijulikani mpaka mlango ufungwe Desemba 31 na vyombo vihesabiwe kimoja kimoja.

Tuseme duka lilianza na mali ya shilingi milioni 4, likanunua nyingine ya milioni 18. Chupa za chai za milioni 1.2 zilifika zimepasuka, zikarudishwa, na msambazaji akazikata kwenye deni. Marejesho hayo hupewa akaunti yake badala ya kupunguzwa kimyakimya kwenye manunuzi, ili mwenye duka aone msambazaji gani anamletea mizigo mibovu. Manunuzi halisi, basi, ni milioni 16.8.

Roli la kutoka Dar es Salaam lilikula laki 6. Nauli hiyo ni sehemu ya bei ya mali, maana sufuria iliyoko Kariakoo haiuziki Mbeya. Nauli ya kumpelekea mteja chombo nyumbani ni habari nyingine: hiyo ni gharama ya kuuza, na wengi huzichanganya. Ukijumlisha mali ya mwanzo, manunuzi halisi na nauli ya roli, unapata milioni 21.4 zilizokuwepo za kuuza. Zimehesabiwa za milioni 5.4 zimebaki. Zilizouzwa, kwa hesabu hii, ziligharimu milioni 16.

Kinachofuata ni kufunga vitabu. Mauzo ya milioni 21, marejesho na mali iliyobaki huhamishiwa upande wa krediti wa akaunti ya muhtasari: jumla milioni 27.6. Mali ya mwanzo, manunuzi na nauli huingia debiti: milioni 22.6. Tofauti ni faida ghafi ya milioni 5, na akaunti za manunuzi, marejesho na nauli zinaanza mwaka mpya zikiwa sifuri. Akaunti ya mali ndiyo haifutiki. Inafungua Januari na zile milioni 5.4.

Sasa tuseme mzigo wa milioni 1, ulioshalipiwa na kuandikwa kwenye manunuzi, ulilala Makambako usiku huo wa kuhesabu. Hesabu inauona kama umeuzwa. Faida inashuka hadi milioni 4, yaani kutoka kama shilingi 24 katika kila 100 za mauzo hadi 19. Vyombo vilivyoibwa huacha alama hiyohiyo. Anayeiona alama hiyo aanze na ankara za wiki ya mwisho ya Desemba, kabla ya kumshuku mfanyakazi: mzigo uliosahaulika njiani huirudisha milioni yake kwenye faida ya mwaka unaofuata, ulioibwa haurudishi kitu.