Dakika 20, Slaidi Ngapi?

Mwaka 2005, mwekezaji wa Marekani Guy Kawasaki alishauri slaidi 10 kwa dakika 20. Wengi huziona chache mno. Lakini kwenye kongamano, dakika 20 mara nyingi hujumuisha maswali. Zikitengwa 5, hubaki 15, na grafu moja ikielezwa vizuri hula 2.

Tuseme mtafiti wa mbegu za mahindi ana slaidi 9, mara mwenyekiti anampunguzia muda hadi dakika 8. Kuharakisha zote ni kuwapoteza wasikilizaji. Aache mapitio ya tafiti za awali, mbinu azieleze kwa sentensi moja. Swali la utafiti, grafu ya mavuno na hitimisho visiguswe.

Akiwa jukwaani na PowerPoint, aandike namba ya slaidi anayoitaka, abonyeze Enter: ataruka zilizobaki bila kuzipitisha mbele ya watu.