Njegere 556, maua 6,952 na kipimo cha kai-mraba

Mwaka 1865 mtawa Gregor Mendel alisimama mbele ya chama cha wanasayansi wa mji wa Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, akaeleza matokeo ya miaka minane ya kupandikiza njegere. Moja ya hesabu alizozitoa ni ya mbegu 556. Zilitoka kwenye mimea 15 tu, na kila mbegu ilikaguliwa kwa mambo mawili: ni laini au imekunjamana, ni ya njano au ya kijani. Mbegu laini za njano zilikuwa 315, zilizokunjamana za njano 101, laini za kijani 108, na zilizokunjamana za kijani 32.

Mimea hiyo 15 ilikuwa na mzazi mmoja wa ukoo wa mbegu laini za njano na mwingine wa ukoo wa mbegu zilizokunjamana za kijani. Watoto wao wote walitoka laini na njano, kana kwamba ule ukoo wa pili haukuwahi kuwepo. Mendel alipoiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe, sifa zilizojificha zikarudi. Tena hakulazimika kungoja msimu mwingine ili azione, kwa maana mbegu iliyomo ndani ya ganda tayari ni mtoto, na umbo lake na rangi yake huonekana ganda linapopasuliwa.

Hesabu ya kile kilichotarajiwa huanzia kwenye sifa moja. Kila mmea hubeba nakala mbili za jeni ya umbo, moja kutoka kwa kila mzazi. Nakala ya ulaini huandikwa R, ya mkunjamano r, na R ikiwepo hata moja, mbegu huwa laini. Mmea wenye Rr ukijichavusha, nusu ya chavua na nusu ya mayai hubeba R, nusu nyingine r. Robo ya watoto watakuwa RR, nusu Rr, na robo rr. Kwa macho, basi, robo tatu ni laini na robo moja imekunjamana. Rangi nayo hufuata mkondo huohuo: Y ya njano huifunika y ya kijani, na robo tatu ya mbegu huwa za njano.

Sasa sifa mbili kwa pamoja. Kama jeni ya umbo haijali jeni ya rangi imekwenda wapi, ni sawa na kurusha sarafu mbili: ilivyoanguka ya kwanza haiisukumi ya pili, na nafasi zake huzidishwa. Robo tatu mara robo tatu ni 9/16, hao ndio laini wa njano. Robo tatu mara robo moja ni 3/16, na kundi la namna hiyo ni mawili. Robo mara robo ni 1/16. Ndiyo asili ya uwiano wa 9:3:3:1 ambao wanafunzi huuchora katika jedwali la visanduku 16, jedwali lililopewa jina la Mwingereza Reginald Punnett. Jedwali ni zuri kwa kujifunzia, ila anayejua kuzidisha sehemu atafika haraka zaidi, na hatapotea siku atakapopewa sifa tatu zinazodai visanduku 64.

Kwa mbegu 556, uwiano huo unadai 312.75, 104.25, 104.25 na 34.75. Mendel alipata 315, 101, 108 na 32. Zinakaribiana, lakini hazilingani, na hapo ndipo swali gumu lilipo: tofauti ya namna hii ni bahati ya kawaida tu, au ni dalili kwamba uwiano wenyewe si sahihi? Mendel hakuwa na chombo cha kulijibu. Chombo hicho, kipimo cha kai-mraba, kilitolewa na Karl Pearson wa London mwaka 1900, miaka 16 baada ya Mendel kufariki.

Kinavyofanya kazi ni rahisi. Kwa kila kundi, hesabu halisi (H) hutolewa hesabu tarajiwa (T), tofauti hupigwa mraba, kisha hugawanywa kwa ile tarajiwa:

χ² = jumla ya (H − T)² ÷ T

Mraba huondoa alama ya kutoa, ili ziada ya kundi moja isifute upungufu wa jingine. Kugawanya kwa T huweka kila tofauti kwenye kipimo chake, kwa sababu kukosea kwa mbegu 3 katika 312 si kitu, lakini kukosea kwa 3 katika 34 kunaonekana. Kwa mbegu za Mendel, makundi manne yanatoa 0.016, 0.101, 0.135 na 0.218. Jumla yake ni 0.47.

Namba hiyo haina maana mpaka ilinganishwe na kikomo, na kikomo hutegemea digrii za uhuru. Jumla ya mbegu ikishajulikana kuwa 556, makundi matatu yanaweza kuwa na hesabu yoyote, lakini la nne limeshafungwa. Digrii za uhuru ni 3, na kikomo chake ni 7.815. Maana yake ni kwamba hata pale 9:3:3:1 ilipo kweli kabisa, bahati peke yake itaipeleka kai-mraba juu ya 7.815 mara 5 katika kila majaribio 100. Mendel akiwa na 0.47 yuko chini sana. Mbegu zake hazitupi sababu ya kuukataa uwiano huo.

Maneno hayo ya mwisho yashikwe kama yalivyo. Kai-mraba ndogo haithibitishi uwiano. Inasema tu kwamba data haikuupinga.

Mfano unaofundisha zaidi ni ule ambao uwiano ulianguka. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Bateson, Edith Saunders na Punnett walikuwa Cambridge wakipandikiza mmea wa mapambo, jamaa ya njegere, wenye maua ya harufu nzuri. Walichukua ukoo wa maua ya zambarau wenye chembe ndefu za chavua, wakauchanganya na ukoo wa maua mekundu wenye chembe za mviringo. Zambarau hufunika nyekundu, na urefu hufunika mviringo. Katika kizazi cha pili walihesabu mimea 6,952: zambarau yenye chembe ndefu 4,831, zambarau ya mviringo 390, nyekundu ndefu 393, na nyekundu ya mviringo 1,338.

Uwiano wa 9:3:3:1 ulidai 3,910.5, kisha 1,303.5 mara mbili, na 434.5. Kai-mraba yake inakaribia 3,372, mbele ya kikomo kilekile cha 7.815. Hakuna bahati inayoweza kubebeshwa mzigo huo.

Lakini kosa liko wapi? Kai-mraba kubwa haijibu swali hilo, maana ndani ya 9:3:3:1 mna madai matatu: kwamba rangi inagawanyika 3:1, kwamba umbo la chavua linagawanyika 3:1, na kwamba jeni hizo mbili hazifuatani. Mjuzi wa kazi hupima dai mojamoja. Rangi kwanza: zambarau zote ni 5,221 na nyekundu 1,731, wakati 3:1 inadai 5,214 na 1,738. Kai-mraba ni 0.04 tu, na kikomo kwa digrii moja ya uhuru ni 3.841. Chavua: ndefu 5,224, za mviringo 1,728, kai-mraba 0.08. Kila sifa ikiwa peke yake inamtii Mendel bila shida. Basi lililovunjika ni dai la tatu. Jeni ya rangi na jeni ya chavua zinasafiri pamoja.

Bateson na wenzake waliliona hilo, ila maelezo waliyoyatoa hayakudumu. Ni Thomas Hunt Morgan wa New York, akifanya kazi na nzi wadogo wa matunda, aliyependekeza mwaka 1911 kwamba jeni zinazofuatana hukaa kwenye kromosomu moja, na hutengana pale tu kromosomu mbili zinapobadilishana vipande wakati chembe za uzazi zinapoundwa.

Wazo hilo nalo linaweza kupimwa kwa maua yaleyale. Mimea nyekundu ya mviringo hutokea pale tu chavua na yai vyote viwili vimebeba nakala mbili zinazojificha. Sehemu yake ni 1,338 ÷ 6,952, yaani 0.1925, na kipeuo chake cha pili ni karibu 0.44. Kwa hiyo 44% ya chembe za uzazi zilibeba mchanganyiko wa bibi mwekundu, 44% nyingine mchanganyiko wa zambarau, na karibu 12% zilizobaki ndizo zilizobadilishana vipande. Ukijenga matarajio mapya juu ya msingi huo unapata 4,814, 400, 400 na 1,338. Kai-mraba inashuka kutoka elfu tatu na ushei hadi karibu 0.43. Hapa pana sharti: 0.44 imetolewa kwenye data yenyewe, kwa hiyo digrii moja ya uhuru imetumika. Zinabaki 2, na kikomo ni 5.991.

Makosa mawili huharibu kipimo hiki mara kwa mara. La kwanza ni kuingiza asilimia badala ya hesabu halisi. Mbegu 160 zilizogawanyika 80, 40, 30 na 10 hutoa kai-mraba ya 4.44, zinapita. Mbegu 1,600 za mgawanyo huohuo hutoa 44.4, zinaanguka. Asilimia zao ni zilezile, na anayetumia asilimia atapata 2.78 kwa zote mbili, asijue kamwe kwamba hesabu kubwa ilikuwa inamwonyesha kitu. La pili ni uchache. Desturi ya wanatakwimu ni kwamba hesabu tarajiwa ya kundi lolote isipungue 5, na kwa kundi la 1/16 hilo linadai watoto 80 au zaidi.

Kuna pia upande ambao wengi hawautazami: kai-mraba inaweza kuwa ndogo kupita kiasi. Mwaka 1936 Ronald Fisher alizijumlisha hesabu za majaribio ya Mendel na kupata 41.6 kwa digrii 84 za uhuru, wakati bahati ya kawaida ingetoa kama 84. Data ilikaa karibu na matarajio kuliko inavyostahili, na mjadala wa sababu umeendelea tangu hapo. Fisher mwenyewe alidhani huenda msaidizi fulani aliyejua jibu linalotakiwa ndiye aliyezirekebisha.

Mwanafunzi anayehesabu punje darasani na kai-mraba yake ikavuka 7.815 asizihesabu upya mpaka zikubali. Aandike idadi kama zilivyo, apime sifa ya kwanza peke yake, kisha ya pili, na zote mbili zikipita 3:1, ajue huenda ameshika jeni zinazofuatana.