Barua ya kupinga makadirio ya kodi

Tuchukue kampuni ndogo ya kusambaza mikate jijini Mwanza. Mwaka mmoja ilinunua pikapu ya mizigo kwa shilingi milioni 40 na kuanza kuitumia. Hesabu za kampuni zinaonyesha faida ya milioni 30, baada ya mhasibu kuondoa milioni 8 za uchakavu wa gari. Ritani ya kodi haikupelekwa kwa wakati, kwa hiyo ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, akaandaa makadirio kwa kutumia hesabu hizo.

Alianza sawasawa. Uchakavu anaoukata mhasibu hautambuliwi kwenye kodi, hivyo milioni 8 zikarudishwa na faida ikawa milioni 38. Akatoza asilimia 30, makadirio yakatoka milioni 11.4. Lakini aliporudisha uchakavu wa mhasibu, hakukata ule unaoruhusiwa na Sheria ya Kodi ya Mapato. Gari la mizigo lenye uwezo wa chini ya tani 7 limo kwenye kundi la kwanza la mali, ambalo hukatwa asilimia 37.5 kwa mwaka. Kwa gari la milioni 40, hiyo ni milioni 15. Mapato yanayotozwa kodi yanabaki milioni 23, na kodi yake ni milioni 6.9. Kampuni imezidishiwa milioni 4.5, mbali na riba na adhabu.

Ukipata makadirio ya namna hii, usiende kaunta kulalamika na kurudi nyumbani ukidhani umepinga. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka pingamizi la maandishi kwa Kamishna Mkuu, ndani ya siku 30 tangu ulipopokea notisi. Ukiona muda hautoshi, peleka ombi la kuongezewa muda angalau siku 7 kabla haujaisha, na utoe sababu. Kwa hiyo, siku notisi inapofika, andika tarehe ya kuipokea juu yake na utunze uthibitisho.

Barua zinazoshindwa nimeziona nyingi, na nyingi zinafanana: kurasa mbili za kueleza jinsi biashara ilivyo ngumu, kisha ombi la kupunguziwa. Huko ni kuomba huruma, na ofisa hana kifungu cha kuitumia huruma hiyo. Pingamizi huonyesha kosa lilipo. Kwa kampuni yetu, kiini chake kingesomeka hivi:

“Tunapinga makadirio ya milioni 11.4 kwa sababu hayakuzingatia makato ya uchakavu wa gari la mizigo lililonunuliwa na kutumika katika biashara mwaka huo. Makato hayo ni asilimia 37.5 ya milioni 40, sawa na milioni 15. Tunaomba makadirio yapitiwe upya na kurekebishwa, ili kodi iwe milioni 6.9 kama jedwali lililoambatishwa linavyoonyesha.”

Tazama sentensi ya mwisho. Haisemi “mtufikirie”, inataja kiasi ambacho kampuni inaona ni sahihi na kuonyesha kilivyopatikana. Juu ya barua iwepo TIN, mwaka wa mapato, na namba na tarehe ya notisi. Kisha viambatisho: risiti ya ununuzi, kadi ya gari na kumbukumbu za safari za kupeleka mikate. Kadi ndiyo yenye kuonyesha uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba, na kumbukumbu za safari zinaonyesha kwamba ni gari la kazi. Hilo si jambo dogo, maana gari lisilo la kibiashara lina kikomo cha gharama inayotambuliwa.

Kuna jambo moja zaidi, na hili huwashtua wengi. Pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kodi usiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Theluthi ya milioni 11.4 ni milioni 3.8, lakini kampuni yenyewe imekiri milioni 6.9. Basi italipa 6.9. Anayekadiria kodi yake kwa uaminifu hujikuta akilipa zaidi mwanzoni kuliko anayepinga kila kitu, na kwa maoni yangu huo ni upungufu wa kanuni hii. Aliyekwama kabisa anaweza kumwomba Kamishna Mkuu amsamehe au ampunguzie malipo hayo, kwa maandishi na kwa sababu zenye ushahidi.

Barua ikishapokelewa, Kamishna Mkuu anaweza kukubali hoja. Asipokubali yote, hukuandikia kwanza akueleze anavyokusudia kuamua, nawe una siku 30 za kujibu. Siku hizi 30 husahaulika zaidi kuliko zile za mwanzo, kwa kuwa mtu anadhani ameshafikisha hoja yake. Usipojibu, uamuzi utatolewa bila maelezo yako. Uamuzi wa mwisho usipokuridhisha, njia inayobaki ni Bodi ya Rufani za Kodi, na huko mlipakodi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi. Kadi ya gari na risiti zilizoambatishwa mwanzoni ndizo zitakazotumika tena.