Mauzo ya Leo Kwenye Hesabu ya Jana

Tuseme duka la dawa la Dar es Salaam, linalohudumia wateja usiku na mchana, limeanza kutumia programu mpya ya mauzo. Programu hiyo imejaribiwa na kila jaribio limefaulu. Wiki ya kwanza ya kazi haijaisha, mhasibu anagundua kwamba ripoti ya siku hailingani na fedha zinazohesabiwa droo inapofungwa saa sita usiku. Leo ripoti inazidi, kesho inapungua. Lakini akijumlisha mwezi mzima, tofauti inabaki ndogo mno. Watu wakianza kumshuku mwenye zamu ya usiku watamwonea bure, kwa sababu hakuna shilingi iliyopotea.

Tufuate risiti moja. Mteja ananunua dawa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 2025. Programu inapoandika mauzo hayo inahitaji kujua leo ni tarehe ngapi, na kazi hiyo inafanywa na mstari huu mfupi:

```python
leo = datetime.now().date()
```

Mstari huo hautaji mahali popote. Unaiuliza kompyuta inayoendesha programu, na kompyuta inajibu kwa saa iliyopangiwa. Kompyuta ya msanidi imepangiwa saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo ingejibu tarehe 1 Machi. Seva ya kukodi ambako programu inafanyia kazi halisi imepangiwa saa za UTC, kama zilivyo seva nyingi za aina hiyo, nazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwake bado ni 22:30 ya tarehe 28 Februari. Dawa iliyouzwa Machi inaingia kwenye hesabu za Februari, bila onyo lolote kwenye skrini.

Kwa nini majaribio hayakuliona hilo? Sababu ya kwanza ni wazi: yalifanyika kwenye kompyuta ambayo saa yake ni ileile ya dukani, na hapo kasoro haiwezi kujitokeza hata mtu akijaribu mara elfu. Sababu ya pili imejificha zaidi, nami naiona ndiyo yenye kufunza. Hata kama wangejaribu kwenye seva yenyewe, wangefanya hivyo saa za kazi. Kuanzia saa tisa usiku hadi saa sita usiku inayofuata, tarehe ya UTC na tarehe yetu ni moja. Zinaachana kwa saa tatu tu, zile ambazo wajaribu wamelala na duka la dawa liko wazi. Jaribio lilikuwa la kweli kwa kompyuta ile na kwa saa ile. Kosa lilikuwa kuamini kwamba limethibitisha zaidi ya hapo.

London hali ni nyingine. Majira ya baridi saa zao zinalingana na UTC, na majira ya joto wanasogea mbele saa moja, hivyo kasoro hiihii kule ingelala miezi kadhaa kabla ya kuamka. Sisi hatubadilishi saa, kwa hiyo kwetu inatokea kila usiku, na hiyo ni nafuu kwa anayeitafuta. Achukue mauzo yenye tarehe isiyo sahihi, ayapange kwa saa yalipofanyika. Yote yakiangukia kati ya saa sita na saa tisa usiku, jibu limepatikana. Kisha aandike amri ya `date` kwenye seva: ikionyesha `UTC` mahali ambapo kompyuta yake inaonyesha `EAT`, hana haja ya kuendelea kutafuta.

Wengine hukimbilia kubadilisha saa ya seva. Sikubaliani nao, maana siku programu itakapohamishiwa seva nyingine, kasoro itarudi. Ni bora programu yenyewe itaje mahali:

```python
leo = datetime.now(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")).date()
```

Majaribio nayo yabadilike. Yaendeshwe kwa `TZ=UTC`, na saa bandia iwekwe kwenye 22:30, ili usiku wa manane ujaribiwe mchana kweupe.

Hata hivyo, mazingira mawili hayawezi kufanana kwa kila kitu. Kumbukumbu za wagonjwa, kwa mfano, hazifai kunakiliwa kwa ajili ya majaribio tu. Kinachowezekana ni kutafuta kila mahali ambapo programu inaitegemea kompyuta kimyakimya, iwe ni tarehe, lugha au jina la faili, kisha tegemeo hilo litajwe waziwazi.

Kwa mauzo yaliyokwisha kuandikwa, yote yanategemea kilichohifadhiwa. Kama kila risiti ina tarehe na saa ya UTC, kuongeza saa tatu kunairudisha kila moja kwenye siku yake. Kama programu ilihifadhi tarehe peke yake, mauzo ya saa saba na nusu usiku hayatofautiki tena na ya adhuhuri, na mhasibu atalazimika kupekua risiti za karatasi, zikiwa bado zipo.