Kwa Nini Meli Kubwa Hupita Malindi na Kwenda Kilindini

Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akapokelewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Wakati huo Malindi ulikuwa mji wenye jina, sawa na Mombasa. Leo meli za makontena huingia Mombasa, nao wakazi wa Malindi huona mashua za uvuvi na majahazi tu. Wapo wanaosema mji ulinyimwa bandari. Serikali za nyakati mbalimbali zina lawama zao, lakini katika jambo hili sababu kubwa zaidi iko ndani ya maji.

Jahazi lililosheheni mzigo huhitaji maji ya mita chache tu, na likikwama mchangani husubiri maji yajae. Meli ya makontena huzama mita 12 au zaidi, na haiwezi kusubiri hivyo. Ghuba ya Malindi ina maji machache na iko wazi kwa mawimbi ya bahari kuu. Zaidi ya hayo, Mto Sabaki unamwagika kaskazini tu mwa mji. Mto huu unabeba udongo wa mashamba tangu Ukambani na nyanda za juu. Upepo wa kaskazi unapovuma, maji hayo mekundu husukumwa kusini hadi ghubani na udongo kutua hapo. Asiyeamini na aangalie rangi ya bahari baada ya mvua za vuli. Ufukwe wenyewe umesogea mbele, hata hoteli zilizojengwa karibu na maji sasa ziko mbali nayo.

Mombasa ina bahati ya aina nyingine. Maelfu ya miaka iliyopita, bahari ilipokuwa chini kwa zaidi ya mita 100, mito ilichimba mabonde marefu katika pwani hiyo. Bahari ilipopanda, mabonde yakajaa maji, na kisiwa kikabaki katikati. Upande wa magharibi wa kisiwa ndiko Kilindini, na jina lenyewe linatueleza: ni mahali penye kilindi. Mwamba wa matumbawe huzuia mawimbi nje, na bonde la zamani limeacha mlango wa meli kupita. Mito inayoingia huko, kama Mwache, ni midogo kuliko Sabaki, na udongo wake mwingi hutua ndani kwenye mikoko kabla ya kufika magatini.

Hata hivyo, kina na utulivu havikutosha. Kwa karne nyingi biashara ya Mombasa ilikuwa upande wa pili wa kisiwa, katika Bandari ya Kale. Hapo ndipo Wareno walipojenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, na majahazi yalitosheka napo. Kilindini, pamoja na kina chake chote, ilikuwa kimya. Iliamshwa na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Viktoria. Tangu hapo shehena za Uganda na nchi jirani zikawa na njia moja ya kufika baharini, na meli za mvuke zilizozileta na kuzichukua zilihitaji kina ambacho Bandari ya Kale haikuwa nacho. Bandari mbili za kisiwa kimoja, moja ikakua, nyingine ikabaki na majahazi.

Lamu inaonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Ghuba ya Manda imekingwa na visiwa, na kina chake ni kikubwa hata kuliko cha Kilindini. Mkondo wa meli huko una mita 17.5. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Lakini reli haijafika huko, na mzigo wa Ethiopia au Sudan Kusini hauwezi kutegemea kina cha maji kuusafirisha kutoka gatini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya Lamu imekuwa kuhamisha makontena kutoka meli moja hadi nyingine.

Je, Malindi haiwezi kuchimbwa? Inaweza. Hata Kilindini ilichimbwa ili kuongezwa kina hadi mita 15. Tofauti ni kwamba Kilindini unachimba bonde lililokuwapo tayari, na Malindi ungejenga kwanza ukuta wa kuzuia mawimbi, kisha ungezoa mchanga tena na tena, kwa sababu kila msimu wa mvua Sabaki huleta mwingine. Gharama hiyo ingelipwa na mzigo ambao tayari una njia yake umbali wa kilomita 120 kusini. Kinachowezekana Malindi ni bandari ya wavuvi: gati la kushushia samaki na barafu ya kuwahifadhi. Hata hilo litahitaji wahandisi wapime kwanza udongo wa Sabaki kwa misimu yote miwili, ya kaskazi na ya kusi, kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa.