Kiwelisi: lugha inayogeuza konsonanti ya mwanzo

Katika Kiwelisi, lugha asilia ya Welisi huko magharibi mwa kisiwa cha Britania, paka huitwa *cath*, herufi c ikitamkwa k. Neno hilo likishaingia katika maongezi, mara nyingi halisikiki hivyo tena. Paka wangu ni *fy nghath*, paka wako ni *dy gath*, na paka wao ni *eu cath*. Mwisho wa neno haujaguswa. Kinachogeuka ni konsonanti ya mwanzo, na kwa kawaida kinachoigeuza ni neno lililotangulia. Wawelisi huita kila badiliko la aina hii *treiglad*, nao huyagawa katika makundi matatu: laini, la nazali na la mpumuo.

Kiswahili nacho kina mwanzo wa neno unaogeuka: ulimi mmoja, ndimi mbili, mti mrefu, nyumba ndefu. Hapo, hata hivyo, l au r inageuzwa na kiambishi cha ngeli kilichomo ndani ya neno lenyewe. Katika Kiwelisi kigeuzi ni neno jingine kabisa, lenye nafasi yake katika sentensi, na wakati mwingine maana yote hutegemea badiliko lenyewe.

Mfano mzuri ni neno *ei*, lenye maana ya "wake". Wawelisi hutofautisha "wake" wa mwanamume na "wake" wa mwanamke, lakini maneno hayo mawili huandikwa na kutamkwa sawasawa. Kinachoyatenganisha ni konsonanti inayofuata. Mwenye paka akiwa mwanamume, *cath* hupata badiliko laini na kuwa *ei gath*. Akiwa mwanamke, hupata badiliko la mpumuo na kuwa *ei chath*, ambapo ch husikika kama kh ya Khamisi. Baba ni *tad*: baba yake huyu mwanamume ni *ei dad*, na baba yake huyu mwanamke ni *ei thad*, kwa sauti ya th iliyomo katika thamani. Badiliko la mpumuo hugusa p, t na c tu, ambazo huwa ph, th na ch. Kwa hiyo kaka, *brawd*, huwa *ei frawd* akiwa kaka wa mwanamume, lakini kaka wa mwanamke ni *ei brawd*, bila badiliko lolote. Msikilizaji anayeijua lugha hupokea ukimya huo kama habari kamili: b imebaki b, basi mwenye kaka ni mwanamke.

Sababu ya neno moja kuwa na nguvu mbili imo katika historia. Katika lugha kongwe iliyozaa Kiwelisi, "wake" wa kiume uliishia kwa irabu, na "wake" wa kike uliishia kwa s. Konsonanti iliyonaswa kati ya irabu mbili ililegea: p ikawa b, t ikawa d, c ikawa g. Ulegevu huohuo unaonekana hadi leo katikati ya maneno yaliyoazimwa kutoka Kilatini, kama *medicus*, tabibu, lililogeuka *meddyg*. Konsonanti iliyofuata s, kwa upande wake, ikawa kikwamizo chenye mkwaruzo wa hewa. Kuelekea karne ya 6 silabi za mwisho zilikatika, irabu na s zikapotea, na maneno mawili yakafanana. Athari yake ilikuwa imeshaingia katika neno la pili, na imebaki humo. Ndiyo maana orodha za vigeuzi, ambazo mwanafunzi huzikariri kana kwamba hazina mantiki, zina mantiki ya zamani ndani yake. *Tri*, tatu, huleta mpumuo kwa kuwa zamani liliishia kwa s: *tri chi*, mbwa watatu, kutoka *ci*. *Dau*, mbili, lililoishia kwa irabu, hulainisha: *dau gi*.

Badiliko laini ndilo linalokutwa mara nyingi zaidi, nalo hugusa konsonanti tisa. Mbali na p, t na c, herufi b na m zote huwa f, inayotamkwa v. D huwa dd, yaani dh ya dhahabu. Ll huwa l, na rh huwa r. G hupotea kabisa: bustani ni *gardd*, na bustani yake mwanamume ni *ei ardd*. Vihusishi vingi huleta badiliko hili, vikiwemo *i* (kwenda), *o* (kutoka), *ar* (juu ya) na *gan*. Nomino ya kike ya umoja hulainika baada ya kibainishi *y*, isipokuwa ikianza kwa ll au rh, na kivumishi kinachoifuata hulainika pia: *merch* ni msichana, *y ferch fach* ni yule msichana mdogo, kutoka *bach*.

Badiliko la nazali lina vigeuzi vichache. Vikubwa ni *fy*, "-angu", na *yn* yenye maana ya "katika", na vyote viwili viliishia kwa n hapo kale. P, t na c huwa mh, nh na ngh; b, d na g huwa m, n na ng, hiyo ng ikisikika kama ng' ya ng'ombe. *Yn* yenyewe hujirekebisha ili ilingane na sauti inayofuata: *ym Mangor*, mjini Bangor, *yn Nolgellau*, mjini Dolgellau, *yng Nghaerdydd*, mjini Caerdydd.

Jina la nchi, *Cymru*, linaonyesha makundi yote matatu. Mabango ya mpakani yameandikwa *Croeso i Gymru*, karibu Welisi, kwa sababu ya *i*. Aliye ndani ya nchi yuko *yng Nghymru*. Anayetaja Uingereza na Welisi kwa mfuatano huo husema *Lloegr a Chymru*, kwa kuwa *a*, "na", huleta mpumuo.

Wanaoanza kujifunza hukwama kwanza kwenye kamusi, ambayo huorodhesha umbo la asili pekee. Neno linaloanza kwa mh, nh au ngh limebadilika bila shaka. F yaweza kuwa b au m: *fara* hutafutwa kwenye *bara*, mkate, na *fam* kwenye *mam*, mama. Neno linaloanza kwa irabu na halipatikani hutafutwa kwenye g. Kikwazo kingine ni *yn*, kwa kuwa ziko tatu. Ya mahali huleta nazali. Inayotangulia kivumishi hulainisha, kama *yn dda*, vizuri, kutoka *da*. Na inayotangulia kitenzi haigeuzi kitu: *yn canu*, anaimba.

Majina ya watu hayabadilishwi siku hizi, na majina ya miji ya nje kwa kawaida huachwa yalivyo. Maneno ya mkopo yanayoanza kwa g, kama *gêm*, mchezo, aghalabu huishikilia g yake, pengine kwa sababu yakiipoteza hayatambuliki tena. Katika mazungumzo ya kila siku wengi huacha mpumuo kwenye p na t lakini huutunza kwenye c, na wengine hulainisha baada ya *yn* pale ambapo maandishi rasmi yanadai nazali. *Fy* nayo humezwa mara nyingi. Mtu husema *nhad i*, baba yangu, neno la umiliki likiwa halisikiki tena, na nh peke yake ndiyo inayoonyesha kwamba lilikuwepo.