Jeni Nne na Uhai wa Mtoto Tumboni

Ukali wa alfa-thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, hufuata hesabu. Kila binadamu ana jeni nne za alfa, mbili kwa baba na mbili kwa mama. Ikikosekana moja, hapana dalili. Mbili, chembe nyekundu huwa ndogo. Tatu, mtu huugua upungufu wa damu. Zikikosekana zote nne, himoglobini ya mtoto tumboni huing'ang'ania oksijeni isiufikie mwili. Moyo hushindwa, mwili hujaa maji, naye, asipoongezewa damu humo tumboni, kwa kawaida hufa.

Tuwatazame mume na mke wa Tailandi, kila mmoja amekosa jeni mbili za upande mmoja. Wote wazima, lakini kila mimba ina hatari moja kati ya nne ya mtoto kukosa zote. Katika pwani ya Kenya, waliokosa mbili kwa kawaida wamekosa moja kila upande. Mzazi kama huyo humrithisha mtoto jeni moja nzima, na msiba huo ni nadra sana. Hivyo tusiulize tu zimekosekana ngapi, bali pia zimekosekana upande gani.